Nusu ya tofauti: namna ninavyonasa kosa la alama kwenye milinganyo

*"Wakuu, nasahihisha kazi za wanafunzi za milinganyo ya aljebra. Naona jibu la mwisho si lenyewe, lakini nikipitia mstari kwa mstari alama za kujumlisha na kutoa zinanipita. Narudia mara tatu nne ndipo nalikamata kosa. Nyie mnafanyaje?"*

Mkuu, acha kusoma, piga hesabu.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilisahihisha kwa macho kwa miaka. Shida ya macho ni kwamba wewe tayari unajua kinachotakiwa kuwepo, kwa hiyo unakiona hata kama hakipo. Mwanafunzi kaandika kutoa, kichwa chako kinasoma kujumlisha, unaweka tiki na kusonga. Kilichonizindua ni mwanafunzi mmoja aliyerudi na daftari, akanionyesha mstari wa nne nilioupiga mkasi mwekundu, akaniuliza, "Mwalimu, hapa nimekosea nini?" Nikautazama mstari ule, sikuwa na jibu la kumpa. Kweli kosa lilikuwepo, ila lilikuwa mistari miwili juu yake, na lile la mstari wa nne nililibahatisha tu kwa kuwa jibu halikutoka sawa.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Natatua mlinganyo mwenyewe kwanza, napata thamani halisi ya x, kisha naiingiza katika kila mstari wa mwanafunzi. Pembeni naandika namba mbili, ya upande wa kushoto na ya upande wa kulia. Hizo namba ndizo ninazosoma, mstari wenyewe siusomi.

Chukua kazi hii, inafanana sana na ile iliyonitia aibu:

```
1)  7 - 2(3x - 5) = 4x - 3(x + 6)
2)  7 - 6x - 10 = 4x - 3x - 18
3)  -3 - 6x = x - 18
4)  -6x - x = -18 - 3
5)  -7x = -21
6)  x = 3
```

Jibu linapendeza, namba nzima, halina hata sehemu. Ndiyo maana usiamini uzuri wa jibu. Jibu sahihi hapa ni x = 5. Tuiingize hiyo 5, tuandike kushoto, kulia, na tofauti yake (kushoto toa kulia):

```
1)  -13   -13     0
2)  -33   -13   -20
3)  -33   -13   -20
4)  -35   -21   -14
5)  -35   -21   -14
6)    5     3     2
```

Mstari wa kwanza pande zinalingana. Wa pili hazilingani, kwa hiyo kosa limefanyika kati ya wa kwanza na wa pili. Mpaka hapo wengi wanafika, na wengi wanaishia hapo. Utamu uko kwenye ile 20.

Kipande kikigeuzwa alama, hakipotei. Kilitakiwa kuongeza kiasi fulani, sasa kinapunguza kiasi kilekile. Kwa hiyo mlinganyo unayumba mara mbili ya kipande hicho. Kilitakiwa kuwa +10, kikaandikwa -10, umeshaachana na ukweli kwa 20. Basi gawa tofauti kwa mbili, upate 10, halafu tafuta kwenye mstari ni kipande kipi kina thamani ya 10 pale x inapokuwa 5. Mstari wa pili una 7, 6x ambayo ni 30, 10, 4x ambayo ni 20, 3x ambayo ni 15, na 18. Kipande cha 10 ni kimoja tu. Ni lile kosa la kawaida kuliko yote: kuzidisha -2 kwa -5 na kuandika -10. Hukuhitaji kukodolea macho chochote.

Sasa angalia mstari wa tatu. Tofauti bado ni -20. Hii ndiyo sehemu ambayo mimi ilinichukua muda kuielewa. Ukifungua mabano, ukijumlisha vinavyofanana, au ukihamisha kipande kwenda upande wa pili ipasavyo, tofauti kati ya kushoto na kulia haibadiliki. Ilikuwa sifuri itabaki sifuri, ilikuwa -20 itabaki -20. Kwa hiyo mstari wa tatu, japo si kweli kwa x = 5, umefanywa sawasawa, na mwanafunzi asikatwe maksi kwa huo. Amebeba tu kosa la juu.

Mstari wa nne tofauti imeruka kutoka -20 hadi -14. Hapo kuna kosa jipya. Mruko wenyewe ni 6, nusu yake 3, na 3 ipo: ile -3 ya kushoto ilitakiwa kufika kulia ikiwa +3, yeye kaihamisha na alama yake ileile. Mstari wa tano haujabadilika, sawa. Wa sita tofauti ni 2, na hilo si kosa, kwa sababu kagawanya pande zote kwa -7, na -14 ukiigawa kwa -7 unapata 2. Kuzidisha au kugawanya ndiko kunakobadilisha tofauti kihalali, tena kwa kipimo kilekile alichozidishia au kugawia.

Kwa hiyo makosa ni mawili, la kwanza mstari wa pili na la pili mstari wa nne. Kwa macho mimi nilikuwa nakamata moja, lingine nalifunika kwa kudhani ni mwendelezo wa lile la kwanza.

Kuna mambo machache ya kuangalia, maana njia hii ina mahali inapokwama.

Kwanza, si kila kosa ni la alama. Kama namba zote kwenye mlinganyo ni nzima na x ni namba nzima, kosa tupu la alama litakupa tofauti ya shufwa siku zote, kwa kuwa ni kitu mara mbili. Ukipata witiri, kama 15, usipoteze muda kutafuta alama pekee. Mfano wetu huohuo, mwingine angeandika `7 - 6x - 5`, yaani kazidisha kipande cha kwanza tu na cha pili akakiacha kilivyo. Kushoto inakuwa -28, tofauti -15: badala ya +10 kuna -5. Hilo ni kosa la kutosambaza, na mazungumzo yake na mwanafunzi ni tofauti kabisa.

Pili, nusu inaweza isionekane kwenye mstari mbovu wenyewe, ikaonekana kwenye mstari uliotangulia. Mtu akijumlisha -18 + 3 akaandika -21, tofauti inaruka 6, nusu 3, lakini kwenye mstari mpya hakuna 3. Iko juu yake. Mimi sasa huanza kutafuta juu, kisha chini.

Tatu, na hili ndilo la hatari zaidi, ni pale jibu halisi linapokuwa 0 au 1. Likiwa 1, basi 4x na 4 zina thamani moja, huwezi kuzitenganisha. Likiwa 0, kila kipande chenye x kinayeyuka na kosa lake linayeyuka nacho. Tazama:

```
4 - 2x = 4x + 4
-2x + 4x = 4 - 4
2x = 0
x = 0
```

Jibu ni sahihi! Ukiingiza 0 kila mstari unalingana. Lakini 4x imevuka bila kugeuka. Hapa ndipo ile kanuni ya tofauti kutobadilika inapokuokoa, kwa sababu haidai uingize jibu halisi. Ingiza namba yoyote. Mimi napenda 10. Mstari wa kwanza: -16 na 44, tofauti -60. Wa pili: 20 na 0, tofauti 20. Imeruka 80, nusu 40, na 40 ni 4x. Uzuri wa 10 ni kwamba kipande chenye x kinaishia na sifuri, hivyo nusu ikiwa 40 unajua ni 4x, ikiwa 7 unajua ni namba tupu. Ukikutana na kipande tupu kama 40 au 20 kwenye mlinganyo, basi badili, weka 11.

Siku hizi kwa kweli naanza na 10 mara nyingi, bila hata kutatua mlinganyo. Tofauti ya kwanza kwa kawaida haitakuwa sifuri, hilo si neno, unachotazama ni kama inatulia.

Jibu sahihi lenye makosa ndani lipo pia bila hiyo sifuri. Mwanafunzi ana `-7x = -35`, chini yake anaandika `7x = -35`, kisha anamaliza na `x = 5`. Alipoteza alama, halafu akaipoteza tena, zikafutana. Ukiingiza 5 kwenye mstari wa katikati unapata 35 na -35, tofauti 70, nusu 35. Vipande vyote viwili ni 35, kwa hiyo hesabu haikuambii ni kipi. Hapo inabidi urudi kwa macho, ila sasa unatazama mistari miwili mifupi, si ukurasa mzima.

Neno la mwisho ni kuhusu sehemu, maana nina hakika utakutana nalo wiki hii. `(x + 4)/3 - (x - 2)/6 = 3`, wanazidisha kwa 6 na kuandika `2x + 8 - x - 2 = 18`. Mstari wa sehemu ulikuwa unafanya kazi ya mabano, ulipoondoka hakuna aliyeweka mabano. Jibu halisi ni 8. Ingiza, unapata 14 na 18. Tofauti -4, nusu 2, na ni ile 2 ya mwisho. Ukiizungushia duara jekundu alama yenyewe, siyo mstari mzima, mwanafunzi anaelewa bila kukufuata ofisini.