Maswali na majibu: kuusoma mchoro wa upepo

Ninakausha samaki kwa moshi huku Dunga, Kisumu. Mchoro wa upepo niliopewa una petali ndefu kusini-magharibi, kwa hiyo nimejenga tanuri kusini-magharibi mwa nyumba ili moshi uende zake. Ni sawa?

Hapana, umejifukizia nyumba. Petali huelekea kule upepo unakotoka, na urefu wake, unaosomwa kwenye miduara, ni asilimia ya muda ambao upepo ulitoka huko. Huo wa kusini-magharibi unatoka ziwani, na moshi utaupeleka kaskazini-mashariki, yaani mlangoni pako. Lakini usibomoe kitu kabla ya kusoma jibu linalofuata.

Petali yenyewe inafika mduara wa asilimia 18 tu. Kweli hiyo ni ya kunihamisha?

Inategemea saa. Tuseme kituo kilisoma upepo kila saa kwa siku 30: hayo ni masomo 720, na asilimia 18 yake ni kama 130. Sasa, mchana jua hupasha nchi kavu haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na ya ziwani huja kujaza nafasi. Kwa hiyo masomo hayo 130 hayakutawanyika siku nzima. Tukichukulia yote yaliangukia kati ya saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, muda wenye masomo 180, upepo huo ulivuma asilimia 72 ya saa za alasiri za mwezi. Asilimia 18 yako imekuwa karibu robo tatu!

Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, na hewa baridi huteremka kutoka milima ya Nandi kupitia uwanda wa Kano kuelekea ziwani. Ndiyo maana michoro ya huku mara nyingi huwa na petali mbili zinazotazamana. Usitafute wastani wake, utapata upande ambao upepo hauvumi kabisa. Omba michoro miwili, wa mchana na wa usiku. Kama wa usiku unaonyesha kaskazini-mashariki, tanuri lako libaki lilipo, ila uliwashe usiku na kulizima kabla ya adhuhuri.

Rangi nyekundu iko mwisho wa petali, kwenye 18. Je, upepo mkali ni asilimia 18?

La. Rangi hupangwa kuanzia katikati, upepo mwepesi kwanza. Pima unene wa nyekundu peke yake: ikianza mduara wa 14 na kuishia 18, upepo mkali ni asilimia 4.

Nimejumlisha petali zote nikapata 88. Zile 12 ziko wapi?

Ni utulivu, ambao hauna upande. Kwa kawaida huandikwa katikati ya duara. Kwako wewe hizo ni saa mbaya, maana moshi hutanda chini bila kwenda popote. Ila linganisha na mwezi kama huo mwaka uliopita. Utulivu ukiwa umeongezeka ghafla, huenda vikombe vya kipimaupepo vimeshikwa na vumbi na upepo mwepesi hauvizungushi tena.