Haikulipwa au haijalipwa?

Swali: Mimi ni karani katika ofisi ya kusafirisha katani hapa Tanga. Naenda likizo, nimemwandikia mwenzangu barua pepe ya kumkabidhi kazi: "Dada, nitakuwa likizo tarehe 6 mpaka 17. Ankara ya lori haikulipwa, ilipwe. Mteja wa Muheza alipigiwa simu kuhusu marobota. Kuna kikao Alhamisi saa 4:00." Ananiambia hajui aanzie wapi. Nimekosea nini?

Jibu: Tahajia yako ni safi na upatanisho wa ngeli hauna kasoro. Tatizo liko kwenye viambishi vya wakati.

Nenda stendi ya Kange uulizie basi la Lushoto. Ukiambiwa "halijaja", utatafuta kivuli ukae usubiri. Ukiambiwa "halikuja", utaanza kutafuta usafiri mwingine. Ndivyo ilivyo kwa ankara yako. "Haikulipwa" inasimulia jambo lililokwisha pita, na msomaji anaweza kudhani malipo yalikataliwa. "Haijalipwa" inamwambia kwamba deni lipo na linasubiri. Kazi unayomwachia mtu ni kazi ambayo bado, na "bado" huenda na -ja-.

"Alipigiwa simu" ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nani alimpigia, na alijibu nini? Tena kama ulikusudia "apigiwe", basi umegeuza agizo kuwa habari, na mteja atakaa wiki mbili bila kupigiwa na mtu. Kama ulimpigia wewe, andika "nimempigia": -me- inaonyesha kwamba matokeo ya simu ile yangalipo, kisha useme yamefikia wapi.

"Ilipwe" ni Kiswahili sahihi, ila kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Kwenye tangazo la ukutani inafaa. Kwa mtu mmoja unayemjua, mtaje ndani ya kitenzi: "naomba ulipe". Wala si ukali. Neno "naomba" limeshabeba adabu yote inayohitajika.

Kuhusu saa, sisi tukisema saa nne asubuhi, kalenda ya kompyuta husoma 10:00. Ukiandika "saa 4:00" bila "asubuhi", mwenzako akaiingiza vilevile, itamkumbusha saa kumi alfajiri. Na ndani ya likizo yako mna Alhamisi mbili.

Mimi ningeiandika hivi, ukibadilisha mambo ambayo wewe ndiye unayeyajua:

"Dada, nitakuwa likizo kuanzia Jumatatu tarehe 6 hadi Ijumaa tarehe 17, nitarudi kazini Jumatatu tarehe 20. Ankara ya lori haijalipwa. Naomba uilipe kabla ya tarehe 10. Mteja wa Muheza nimempigia kuhusu marobota, lakini hajathibitisha idadi. Asipokupigia kufikia Jumatano tarehe 8, mpigie wewe. Alhamisi tarehe 9, saa nne asubuhi, naomba uhudhurie kikao kwa niaba yangu."