Msuli wa nyuma ya paja umevutika, fainali ni Jumapili ijayo

"Wakuu, jana nikiwahi mpira mrefu kuna kitu kimenivuta ghafla nyuma ya paja, nikashindwa kuendelea. Leo natembea kwa kuchechemea. Nikichuliwa kwa maji ya moto, Jumapili ijayo nitacheza?"

Mkuu, hapana. Nakwambia kama winga wa bonanza za hapa Arusha niliyeumia mara mbili mguu ule ule.

Mara ya kwanza nilidhani nimepigwa jiwe, hadi nikageuka kumtafuta aliyenirushia. Jioni jamaa wakanichua kwa maji ya moto na dawa ya kuchua. Asubuhi paja limevimba, lina wekundu wa zambarau. Ndani kuna nyuzi zilizochanika na kuvuja damu; ukizikanda siku za mwanzo unazidisha. Siku tatu hizi funga bandeji ya kuvutika, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kama dakika 15 kwa mara, tembea hatua fupi. Usinyooshe msuli kwa nguvu.

Siku ya tisa nilikuwa napanda ngazi bila maumivu, nikavaa njumu. Dakika ya ishirini, pa! Nikakaa nje wiki saba. Fizio ndiye aliyenifumbua macho: msuli huu huelemewa pale mguu unapotupwa mbele kwa kasi, nao unaushika breki kabla ya kukanyaga. Kutembea hakuujaribu hata robo ya hapo. Ndiyo maana kupona kwa kutembea kunadanganya.

Tukaanza na kulala chali, visigino chini, nainua kiuno. Kwanza miguu yote, baadaye mmoja. Kisha mbio za mita 40, siku moja ndiyo, moja hapana. Naanza taratibu, nafika nusu ya kasi yangu, nazima pole pole. Kesho yake nikiamka bila maumivu mapya, mara inayofuata naongeza kidogo. Nikiamka panauma, narudi hatua moja nyuma. Hapo kwenye robo tatu ya kasi nilikwama wiki nzima, na hasira zote.

Kurudi uwanjani: nikibonyeza kwa kidole hapaumi, nikilala kifudifudi na kukunja goti mtu akinizuia, nguvu ni sawa na mguu mzima, na nimekimbia kasi yote mazoezini zaidi ya mara moja bila kujihofia. Mpasuko mdogo huchukua kama wiki mbili tatu, mkubwa miezi.

Ila kama ulisikia mlio, hukanyagi kabisa, au panauma juu kabisa kwenye mfupa wa kukalia, nenda hospitali leo. Huenda kano imeng'oka kwenye mfupa, na ikihitaji upasuaji, kuwahi ni nafuu kuliko kuchelewa.

Siku hizi mara mbili kwa wiki napiga magoti, mwenzangu ananishika vifundo, najishusha mbele polepole hadi nashindwa. Anza hilo ukishapona, seti mbili za tano tu. Kesho yake utakaa chooni kwa shida.