Mstari unaokatikia kwenye "ne peut"

"Ndugu wa Goma, nisaidieni kutafsiri mstari wa kontra ya nyumba, foto imeukata: 'Le locataire ne peut'. Nafikiri mpangaji hawezi kupangisha mtu mwingine. Ni sawa?"

Ndugu, habari ya kupangisha mtu mwingine haimo pale, umeiongeza mwenyewe. Hata "hawezi" bado ni mapema. Kifaransa hutanguliza "ne", kisha mara nyingi neno la baada ya kitenzi ndilo huamua: likija "pas", mpangaji hawezi; likija "que", anaweza jambo moja tu. Mimi ningeandika hivi:

Mpangaji [kitenzi "kuweza" pamoja na "ne"; maandishi yanakatika hapa]

Haipendezi, najua. Lakini ukiandika "hawezi", kesho mwenye nyumba ataleta karatasi nzima inayosema mpangaji anaweza kulipa kwa dola tu, na tafsiri yako itakuwa imegeuza maana. Mwishoni usitie nukta, maana nukta humwambia msomaji kwamba sentensi imeisha. Mabano yanatosha kuonyesha kwamba maneno hayo ni yako, si ya kontra.

Halafu omba foto nyingine ya ukingo wa kulia, pamoja na mwanzo wa ukurasa unaofuata. Mara nyingi neno linalokosekana limejificha huko.