Joto la chumba cha ugezi: pima chuma, usipime ukuta

Maabara nyingi za ugezi, yaani za kulinganisha vifaa vya kupimia na rejea zinazoaminika, nilizofanyia kazi hapa Dar es Salaam zina kipimajoto kimoja ukutani, karibu na mlango, na daftari pembeni yake. Asubuhi fundi anaandika nyuzi 20.3, unyevu asilimia 52. Jioni anaandika tena. Mkaguzi akija, daftari limejaa na kila mtu ameridhika. Lakini ukiuliza namba zile zimeingia wapi kwenye hesabu ya mashaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kuwa mbali na ukweli, mara nyingi hupati jibu. Kiwango cha kimataifa cha maabara, ISO/IEC 17025, kinataka mazingira yafuatiliwe, yadhibitiwe na yarekodiwe pale yanapoathiri matokeo. Sasa, ukitaka kujua yameathiri kiasi gani, lazima namba zitoke daftarini ziingie kwenye hesabu.

Nitazungumzia vipimo vya urefu, kwa sababu huko joto halisamehe. Urefu wa kitu hutajwa ukiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, dunia nzima. Chuma cha geji bloku, yaani vipande vya urefu unaojulikana barabara vinavyotumika kama rejea, hutanuka takriban sehemu 11.5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Kipande cha milimita 100 kikipanda nyuzi moja, kinarefuka mikroni 1.15. Kukishika kwa vidole bila glavu kunatosha kukiharibia kipimo kwa muda mrefu.

Jambo la kwanza ninalowashauri vijana ni kuweka kihisi cha joto kwenye chuma chenyewe, juu ya bamba ambapo kipande cha mteja na geji bloku vinalala pamoja. Kiyoyozi huwaka na kuzima, na hewa hupanda na kushuka nacho, pengine kila robo saa. Chuma hakifuati hewa hatua kwa hatua, kwa kuwa kinachelewa kupokea joto na kinachelewa kulitoa. Hewa inaweza kuyumba nyuzi moja juu na chini huku chuma kikiyumba nusu tu. Kinachoingia kwenye hesabu ni kile cha chuma. Na kifaa cha kurekodi kikiwekwa kiandike mara moja kwa saa, hakitaliona wimbi hilo la robo saa hata kidogo. Kiweke kila dakika moja au mbili.

Mchoro ukishatoka, utazame umbo lake. Joto linaloyumba kama wimbi hukaa muda mrefu zaidi karibu na kilele na karibu na bonde kuliko katikati. Kwa hiyo ukilichukulia kana kwamba kila thamani ina nafasi sawa na kugawa kwa √3, unapunguza mashaka kuliko yalivyo. Mgawanyo wake una umbo la U, na kigawanyo chake ni √2. Kwa chuma kinachoyumba nyuzi 0.5 kila upande wa 20, mashaka sanifu ni 0.5 ÷ √2, yaani nyuzi 0.35.

Tuchukue kazi halisi. Kiwanda kinaleta fimbo ya chuma ya milimita 100 wanayotumia kurekebisha maikromita zao. Tunailinganisha na geji bloku ya chuma yenye urefu uleule. Kwa kuwa vyote viwili ni chuma, vinatanuka pamoja, na hapo wengi husema joto limejifuta lenyewe. Kwa sehemu kubwa ni kweli, ila yanabaki mambo mawili.

La kwanza ni tofauti ya joto kati ya fimbo na geji bloku. Nafunga kihisi kimoja kwa kila kipande, nasoma, kisha nabadilishana vihisi na kusoma tena, ili kosa la vihisi vyenyewe lijitenge. Tuseme baada ya kulala pamoja usiku kucha tofauti haizidi nyuzi 0.05. Hiyo ni 0.05 ÷ √3, nyuzi 0.029, ukizidisha kwa mikroni 1.15 unapata mikroni 0.033.

La pili ndilo linalosahaulika. Kiasi cha kutanuka cha chuma hakijulikani barabara. Kiwango cha geji bloku, ISO 3650, kinaruhusu geji bloku za chuma ziwe 11.5, kuongeza au kupunguza 1.0. Na tukikubali fimbo ya mteja nayo iko ndani ya mpaka huohuo, tofauti kati ya vipande viwili inaweza kufika 2, na kwa kuwa mgawanyo wake una umbo la pembetatu, mashaka yake sanifu ni 2 ÷ √6, yaani 0.82 kwa milioni. Namba hiyo huzidishwa na umbali wa chumba kutoka nyuzi 20. Sasa linganisha chumba kinachozunguka 20 na chumba kilichotulia vizuri kwenye 23:

```
chumba cha 20:  100 mm × 0.82e-6 × 0.35 = 0.029 µm
chumba cha 23:  100 mm × 0.82e-6 × 3    = 0.25 µm
```

Tuseme geji bloku yetu na kilinganishi kila kimoja kinachangia mikroni 0.03. Kwenye chumba cha kwanza, ukijumlisha miraba ya michango yote minne, ukatafuta kipeo cha pili na kuzidisha kwa 2, cheti kitasema mikroni 0.12. Kwenye chumba cha pili kitasema 0.50. Chumba cha 23 kimetulia kabisa, mchoro wake umenyooka, lakini mashaka yamezidi mara nne. Kutulia kunasaidia jambo la kwanza tu. Na kama geji bloku yako ni ya kabaidi ya tangsteni, inayotanuka takriban 4.5, kwenye 23 tofauti yenyewe inafika mikroni 2. Hilo si shaka tena, ni sahihisho la lazima kufanyiwa hesabu.

Unyevu nao una kazi yake, ila wengi huuweka mahali pasipo pake. Kwenye ulinganishi huu hauna mstari wake kwenye hesabu. Hata kwenye mizani ni mdogo: unyevu ukipanda kutoka asilimia 50 hadi 70 kwenye nyuzi 20, uzito wa hewa hupungua kama asilimia 0.2 tu. Ukilinganisha jiwe la shaba la kilo moja na la chuma kisichoshika kutu, hilo linakugharimu takriban miligramu 0.01, wakati daraja la F1 la mawe ya mizani linaruhusu miligramu 5.

Adui wa kweli wa pwani ni kutu na umande. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Geji bloku ya nyuzi 20 ikitolewa nje bila kifuniko, inalowa papo hapo. Kwa hiyo ifunike ndani ya sanduku kabla ya kuitoa, na usilifungue hadi ipate joto. Kiyoyozi nacho hukausha hewa pale tu kinapofanya kazi. Kikubwa kupita kiasi hupoza haraka, kinazima, na unyevu unabaki palepale. Ukiona joto ni 20 sawasawa huku unyevu unapanda kuelekea 65, usishushe joto. Tafuta mashine ya kukausha hewa, na geji bloku zipakwe mafuta kila jioni.

Kwenye karatasi ya kazi ninaandika joto la chuma mwanzoni na mwishoni mwa kipimo, kiasi cha kuyumba kutoka kwenye mchoro, tofauti kati ya vipande viwili, na sahihisho la kihisi kutoka kwenye cheti chake. Unyevu ninauandika pia, pamoja na kikomo ambacho ukipita, geji bloku hazitoki sandukuni siku hiyo.