Takataka za mwandiko ni ushahidi: kwa mnaoanza kuhakiki rekodi za kishikwambi

Ukikuta kwenye rekodi ya ziara ya nyumbani maneno "Mtoto hand home", usihangaike nayo sana. Yeyote anayeifungua ataona imeharibika, atatafuta alichoandika mhudumu, na kwa dakika moja atajua kwamba ilikuwa "Mtoto hana homa". Rekodi ya kuogopwa ni ile inayosomeka vizuri huku ikisema jambo ambalo mhudumu hakuliandika. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kuhakiki maelezo ambayo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaandika kwa kalamu juu ya kioo cha kishikwambi, kisha programu inayageuza kuwa herufi za chapa.

Kwanza mjue kile ambacho programu inapokea. Kalamu inapogusa kioo, kifaa kinarekodi mfululizo wa nukta: kila nukta ina mahali pake kwa upana, mahali pake kwa urefu, na wakati ilipopita. Kalamu ikiinuliwa, mchoro mmoja umeisha. Ikishuka tena, mchoro wa pili umeanza. Programu inakusanya michoro hiyo, inakisia herufi zinazoweza kuwa ndani yake, halafu inapima makisio hayo kwa lugha iliyowekwa kwenye mipangilio. Kwa hiyo neno unaloliona limetoka sehemu mbili: mkono wa mtu, na kile ambacho programu inadhani watu wa lugha hiyo huandika. Hizo sehemu mbili zikivutana, mara nyingi lugha hushinda.

Ndiyo maana ya "hand home". Mwandiko ulikuwa safi kabisa, ila lugha ya kutambua mwandiko ilikuwa Kiingereza. "Hana" ikavutwa kuwa "hand", "homa" ikawa "home". Dalili ya kosa hili ni moja: takataka zenyewe ni maneno halisi ya Kiingereza. Ukiona hivyo, acha kuhangaika na mwandiko, nenda kwenye mipangilio. Angalia lugha ya sehemu ya mwandiko yenyewe, maana kifaa kinaweza kuonyesha menyu zote kwa Kiswahili huku mwandiko ukisomwa kwa lugha nyingine. Pia si kila mfumo una Kiswahili. Scribble ya iPad ilipotoka mwaka 2020 ilianza na Kiingereza na Kichina tu. Kama kifaa mlichopewa hakina Kiswahili kwenye orodha hiyo, msiwaambie wahudumu waandike vizuri zaidi. Zimeni ugeuzaji, wino ubaki kama ulivyo, na maandishi yachapwe na mtu anayeusoma huo wino.

Lugha ikishakaa sawa, makosa yanayobaki yanatokana zaidi na jinsi mkono unavyotembea. Maneno yetu ni marefu. Anayeandika "hawakutuambia" akapumzika katikati kumsikiliza mama anayezungumza, programu huenda ikaona neno limeisha na kuligawa: "hawaku tuambia". Hilo ni dogo. Kubwa ni tabia tuliyoizoea kwenye karatasi ya kusahihisha herufi kwa kuandika juu yake. Kwenye daftari, ukiandika "a" nzito juu ya "o", msomaji anaona "a". Kwenye kioo michoro yote miwili imehesabiwa, ya zamani na ya mpya, na programu inajaribu kuzisoma zote kama sehemu za neno moja. Wafundisheni wahudumu kufuta neno zima na kuliandika upya. Kwa kazi hii hakuna agizo lenye faida kuliko hilo.

Sasa turudi kwenye "Mtoto hana homa", maana hapa ndipo mnaoanza mnapotelezea. Tuseme mhudumu anaandika "h" kwa michoro miwili: kwanza mti ulionyooka, anainua kalamu, kisha upinde ulioungana na "ana". Nafasi kati ya mti na upinde imekuwa pana kidogo. Lugha ni Kiswahili, hakuna tatizo la mipangilio, lakini programu inatoa hivi:

```
Mtoto l nana homa
```

Mhakiki mgeni anaiona hiyo "l" iliyosimama peke yake, anasema ni mguso wa bahati mbaya, anaifuta. Inabaki "nana homa". Hakuna maana hapo, anatoa "n" ya mwanzo, na sasa sentensi inasema "Mtoto ana homa". Imenyooka na haina doa, nayo imegeuza mtoto mzima kuwa mgonjwa. Kila hatua aliyoichukua ilionekana ya busara. Lakini "l" ile ilikuwa mti wa "h", na "n" ile ilikuwa upinde wake. Ukizisogeza pamoja unapata herufi iliyoandikwa, nzima.

Tazameni pia alama zinavyodanganya. Kiwango cha makosa ya herufi kinapatikana hivi: unahesabu herufi zilizobadilishwa, zilizoongezwa na zilizopotea, unagawa kwa idadi ya herufi za sentensi sahihi. "Mtoto hana homa" ina herufi 15 ukihesabu na nafasi mbili. "Mtoto l nana homa" ina makosa matatu, yaani "h" imegeuka "l", ikaongezwa nafasi, ikaongezwa "n". Hiyo ni asilimia 20. "Mtoto hand home" ina mawili, takriban asilimia 13. "Mtoto ana homa" ina kosa moja tu, takriban asilimia 7. Kwa hesabu hiyo sentensi ya mwisho ndiyo bora kuliko zote, na kwa mtoto ndiyo mbaya kuliko zote. Kiwango hicho kinafaa kulinganisha vifaa viwili au lugha mbili kwenye rekodi nyingi. Msikitumie kuamua kama rekodi moja ni salama. Katika Kiswahili ukanushi unabebwa na silabi ndogo, "nina" na "sina", "ana" na "hana", na kamusi ya programu haiwezi kukuokoa kwa sababu pande zote mbili ni maneno ya kila siku.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu, na nausisitiza. Ziba maandishi yaliyogeuzwa, soma wino kwanza, andika ulichokisoma, ndipo ufunue ulinganishe. Ukianza na maandishi ya chapa, jicho litaona kwenye wino kile ambacho limekwisha kuambiwa. Herufi ikikutatiza, itafute mahali pengine kwa mkono uleule. Katika sentensi yetu hukuhitaji kwenda mbali: "homa" ina "h" yake, na ukiiona nayo imeandikwa kwa mti na upinde vilivyoachana kidogo, swali limejibiwa na mwandishi mwenyewe. Vitu vingine kwenye rekodi, kama jotoridi la 36.8, vinakupa sababu ya kutilia shaka "ana homa". Havikupi ruhusa ya kubadilisha neno, kwa kuwa hilo ni jambo la wino kuamua.

Tarakimu zina ugumu wake, maana hazina kamusi ya kuzitetea. Nukta ya desimali ni mguso mfupi sana, na baadhi ya programu huitupa kama kelele. Uzito wa kilo 8.2 ukiwa 82, kikomo cha fomu kitaukamata. Kinachopita bila kukamatwa ni 1 na 7. Chukua mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 14, unaopimwa kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa wastani. Mhudumu ameandika kitu ambacho kinaweza kuwa 11.1 au 11.7. Zote mbili zinakubalika kwenye fomu, ila zinampeleka mtoto kwenye huduma tofauti.

Picha ya wino ikikushinda, angalia nukta zenyewe, au bonyeza kitufe cha kurudia mchoro kama programu yenu inacho. Hizi ni nukta za mfano za tarakimu ya mwisho, wakati ukiwa kwa milisekunde:

```
x    y    t
412  230  0
421  229  8
433  229  17
440  231  25
437  246  34
430  268  42
```

Kwenye kioo, y inaongezeka ukienda chini. Kalamu ilianza kushoto, ikaenda kulia karibu kwa usawa, 412 hadi 440, y ikikaa palepale. Ndipo ikashuka. Huo ni mwendo wa 7. Anayeandika 1 yenye kijikono huanza chini kidogo, akapanda kuelekea kulia, kwa hiyo y ya mwanzo ingepungua kwanza kabla ya kuongezeka, na anayeandika 1 ya mti tu angeshuka moja kwa moja. Kwenye karatasi mwelekeo huo ungepotea. Hapa umehifadhiwa, tuutumie. Hata hivyo linganisha na 7 nyingine za mtu huyohuyo kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu wapo wanaoanza 1 kwa kijikono kilicholala sana.

Ikibaki shaka, iandike shaka. Weka usomaji wote wawili, "11.1 au 11.7", na umpigie mhudumu simu angali anaikumbuka nyumba ile. Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukisema, "Dada, ulimaanisha 11.7, siyo?" atakujibu ndiyo, kwa heshima na kwa sababu ana haraka. Muulize asichoweza kukukubalia tu: "Shikamoo dada, yule mtoto wa miezi 14, utepe ulisimama kwenye rangi gani?" Akisema nyekundu, ni chini ya 11.5. Akisema njano, 7 yako imesimama. Akisema hakumbuki, basi hakumbuki, na kipimo kinarudiwa.

Yote haya yanawezekana tu ikiwa wino upo. Programu nyingi zikishageuza mwandiko huutupa wino palepale, au huuacha kwenye kifaa na kutuma maandishi peke yake. Siku ya kwanza ya kazi, kabla hamjapokea rekodi yoyote ya kweli, andikeni sentensi tatu kwenye kishikwambi kimoja, zitumeni, kisha fungueni faili iliyofika ofisini. Mkiona maandishi bila michoro, simamisheni zoezi mpaka mipangilio ya kutuma ibadilishwe. Na safu ya maandishi yaliyogeuzwa isiguswe kamwe: fungueni safu ya pili kando yake kwa usomaji wenu, na ya tatu kwa jina la aliyesoma, ili "l nana" ibaki pale ilipo hata baada ya "hana" kuandikwa pembeni yake.