Mara ya kwanza niliandika wimbo ambao hawakuweza kuuimba

Nilipokuwa nasoma Varanasi, India, rafiki yangu wa bwenini alinichukua kwao wilaya ya Ballia wakati wa kuvuna mpunga, mwezi wanaouita Aghan, katikati ya Novemba kwenda Desemba. Huko lugha ni Kibhojpuri. Nilikuwa nimejifunza kidogo, nikajiamini kupita kiasi: nikawaandikia wanawake wa pale wimbo wa kuvunia.

Wimbo ulikuwa na beti nne, kila ubeti na kiitikio chake. Kwenye daftari ulipendeza. Shambani ulikufa kwenye ubeti wa pili. Wanavuna wamechuchumaa kwenye safu, mkono wa kushoto umeshika mashina, wa kulia unavuta mundu, wenyewe huuita hansua. Ukichuchumaa hivyo tumbo limebanwa na pumzi ni fupi, na hakuna wa kukumbuka kiitikio kinachobadilika kila mara. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mwimbishaji peke yake ndiye abebe maneno mapya. Wengine wapewe mstari mmoja usiobadilika, mfupi kiasi cha kumalizika kwa pumzi moja. Chuchumaa mwenyewe uujaribu kabla hujawapelekea.

Baada ya aibu ile tulibaki na huu:

Mwimbishaji: Aghan mahinwa dhanwa pakal
Wote: Chala e sakhi, dhanwa kaate

Mwimbishaji: Hathwa me hansua, mathwa pe bojhwa
Wote: Chala e sakhi, dhanwa kaate

Mwimbishaji: Saiyan pardesiya ghare na aile
Wote: Chala e sakhi, dhanwa kaate

Yaani: mwezi wa Aghan mpunga umeiva, mundu mkononi, mzigo wa miganda kichwani, mume aliye ugenini hajarudi nyumbani. Na kiitikio: twende shoga, tukakate mpunga.

Tazama hiyo «wa» inayojirudia. Mpunga ni dhaan, mkono ni haath, mzigo ni bojha, lakini Kibhojpuri hupachika «wa» mwishoni, neno likawa dhanwa, hathwa, bojhwa. Linasikika kama kitu cha nyumbani, unachokifahamu na kukipenda. Kwa mtunzi ni zawadi, maana mizani ikipungua unaongeza «wa», ikizidi unaiondoa. Mimi mwanzoni nilitumia maneno ya Kihindi cha darasani, fasal kwa mavuno na aao kwa njooni. Wanawake walicheka, mmoja akasema naimba kama msoma habari wa redio.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa dogo. Nilikuwa nimesikia nyimbo nyingi za huko zikimalizia mistari kwa «ho Rama», nami nikaibandika kila mahali ili wimbo unukie kijiji. Bibi mmoja, wote wakimwita aaji, akasimamisha mundu akaniuliza, «Kwani sasa ni Chait?» Chait ni mwezi wa Machi na Aprili, ngano inapokauka, na nyimbo zake, chaita, ndizo zinazotambulika kwa «Rama» hiyo. Nilikuwa nimewavalisha nguo ya ngano kwenye mpunga. Nyimbo za ropni, za kupandikiza miche, nazo zina wakati wake, na jantsar ni za kwenye jiwe la kusagia. Kabla hujachukua kibwagizo, uliza kinaimbwa mwezi gani na mikono ikifanya nini.

Mstari wa mume aliye ugenini sikuutunga mimi. Aliuleta mwimbishaji, mke wa kaka yake rafiki yangu, ambaye sote tulimwita bhauji. Wanaume wa sehemu hizo wamekuwa wakienda mbali kutafuta kazi tangu enzi za kwenda jiji la Kalkata, na nyimbo za wanawake zimejaa habari hiyo. Nilitaka wimbo wa furaha tupu kwa sababu ni mavuno. Bhauji akaniambia mpunga ukiiva ndipo unapoona mikono imepungua.

Ndiyo maana nashauri uache beti zako pungufu. Andika tatu, usimalize. Mwimbishaji mzuri atatia za kwake papo hapo: mama mkwe mkali, wifi mvivu, mwenye shamba mwenye mkono mzito wa kugawa ujira wa miganda. Kiitikio kikiwa imara, atamsema mtu aliye hatua tatu kutoka hapo, na safu nzima itamkinga kwa kuitikia.

Siku ya mwisho waligawanyika, nusu wakiitikia, nusu wakivuta pumzi, kisha wakabadilishana. Mstari wa kwanza wa kwangu hawakuuimba hata mara moja. Bhauji aliuondoa akaweka mwingine juu yangu mimi, mgeni aliyekata mganda mmoja asubuhi nzima, na kiitikio kikarudi vilevile: chala e sakhi, dhanwa kaate.